Stika ya Kijani

Saa moja asubuhi, ukungu wa Mufindi ukiwa bado umelala juu ya chai, Rehema alipanda ngazi ya boila na spana mkononi. Alitumwa kumwandalia fundi kazi fupi: valvu ya usalama ikazwe. Tangu juzi ilikuwa inafunguka geji ikisoma baa 8.5, ilhali imewekwa ifunguke kwenye 10.

Kabla ya kugusa chochote aliitazama geji. Kioo kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, toka ukingoni hadi katikati, umeshika majivu. Pembeni, stika ya kijani: IMEHAKIKIWA. Muda wake ulikuwa umebakiza miezi mitano.

"Shikamoo, Mzee Sanga. Hii geji imegongwa."

"Marahaba. Stika si unaiona?"

"Naiona. Lakini ilibandikwa kioo kikiwa kizima."

Mzee Sanga alipanda, akafunga koki ya geji, akaachia mvuke uliobaki. Mshale ukashuka mpaka sifuri, ukatulia.

"Haya, umeona? Sifuri."

Rehema akasogeza uso karibu. Kwenye sifuri pana pini ndogo ya kuuzuia mshale usipitilize. Huu haukuwa umesimama kwenye pini, ulikuwa umeilalia, ncha imepinda kidogo kwa kusukumwa. Aliyeegemea ukuta huwezi kujua angeangukia wapi ukuta usingekuwepo.

"Mzee, naomba tuilinganishe na ile ya kabatini."

Alidhani atafokewa, maana majani yalikuwa yanasubiri kukaushwa. Mzee Sanga alinyamaza, kisha akapiga kelele chini kuni zisiongezwe.

Walizifunga geji zote mbili kwenye pampu ya mkono, bomba moja. Rehema akapampu polepole. Ya kabatini ikapanda: nusu, 1. Ya ufa haikutikisika. Ilipofika 1.5 ndipo mshale wake ukabanduka kwenye pini, kama mtu anayeamshwa. Akaendelea. Ya kabatini ikasoma 10.

Ya ufa ilisoma 8.5.

Hapakuwa na aliyesema neno. Mzee Sanga aligeuka akaitazama valvu ya usalama kule juu, ile waliyoilaumu siku mbili nzima.

"Kumbe ilikuwa inafunguka palepale pake," alisema, sauti imeshuka. "Jana usiku niliagiza ikazwe. Kijana wa zamu akasema hajaipata spana."

Spana ilikuwa mkononi mwa Rehema. Mzee akaichukua, akaitia mfukoni mwa ovaroli. Kisha akaibandua stika kwa ukucha, taratibu, kipande kwa kipande, mpaka bati likabaki tupu.

"Funga hii ya kabatini kwenye boila. Halafu ulete kitabu cha zamu."

Alipokileta, mzee hakukipokea. Alimpa kalamu.

"Andika wewe, binti. Saa, ulichokiona, na jina lako."