Tangazo la spika: sare na madaftari, Soko la Majengo, Dodoma

(Muziki unashushwa.)

MUUZAJI: Mbukwenyi wazazi! Mbukwenyi walezi! Wa Nkuhungu, wa Chang'ombe, na nyie mlioshuka na basi la asubuhi kutoka Bahi na Mpwapwa, sogeeni. Ni Mama Upindo anaongea.

Mvua imeanza, najua. Hela imeingia shambani, mbegu za alizeti, vibarua, na Januari ndiyo hiyo inapiga hodi. Shule ya msingi ya serikali ada hakuna, lakini sare na daftari ni za mzazi. Haya, shati jeupe 8,000. Kaptula ya bluu 9,000. Sketi ya marinda 11,000. Sweta ninazo, ila usizikimbilie leo. Baridi ya Dodoma ni Juni, njoo Mei.

MTEJA: Mama, mbona pale ng'ambo kaptula 6,000?

MUUZAJI: Ipo kweli, mdogo wangu. Igeuze uone ndani. Upindo kidole kimoja, mshono mmoja makalioni. Mtoto akiserereka mara mbili kwenye yale mawe yetu, imekwisha. Tazama hii: mshono mara mbili, upindo vidole vinne. Mwakani akirefuka, niletee, nafumua na kushusha bure.

MTEJA: Ninao watatu, na mfukoni nina 20,000 tu.

MUUZAJI: Acha 5,000, hiyo nyingine kanunulie mbegu. Nakuandika kwenye daftari, nakupa risiti, mzigo wako naufunga nauweka kando. Ukipata buku mbili, buku tatu, unaleta. Jumamosi ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa unamalizia na kubeba, bei ni hii hii. Ukikwama, hela yako narudisha yote.

MTEJA: Na watoto wako kijijini, vipimo je?

MUUZAJI: Chukua kamba, zungusha kiunoni, funga fundo. Nyingine kiunoni mpaka gotini, fundo. Mpe kondakta anayekujua. Au lete kaptula ya zamani, hata iliyochanika. Na ulizieni rangi ya sare kwanza, shule hazifanani.

Madaftari, dazeni 6,000. Majirani wawili mkichanga, mnagawana sita sita kwa bei hiyo hiyo ya dazeni. Kaunta buku ya kwaya tatu 3,500. Penseli, ufutio na rula, vyote vitatu 1,000. Begi la mwaka jana likiwa limekufa zipu tu, usinunue jingine, fundi wangu anabadilisha kwa 2,000. Viatu siuzi, msiniulize.

Tuko Majengo, kibanda chenye turubai la bluu na cherehani mbili mlangoni. Tunafungua saa 1 asubuhi mpaka saa 12 jioni, Jumapili kuanzia saa 7 mchana, mkitoka ibadani.

(Muziki unapandishwa.)