Zoezi la kuhamia db2: tulifanye kila mwezi

Wenzangu, habari za asubuhi.

Tuna seva mbili za PostgreSQL, db1 na db2, zinazosimamiwa na Patroni. Kwenye mchoro mambo yamenyooka. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona db2 ikibeba malipo ya mwisho wa mwezi. Nawaomba tuanze kufanya zoezi kila mwezi, kwa namna mbili.

Ya kwanza ni ya upole:

```
patronictl switchover malipo --candidate db2
```

Hapa db1 hufungwa taratibu, db2 ikapokea kilichobaki na kushika uongozi. Tusiridhike na hili peke yake. Seva inayofungwa vizuri huaga: hukata miunganisho, programu zikajua na kuunganisha upya. Iliyokatikiwa umeme haiagi. Programu hubaki imeshikilia muunganisho uliokufa, ikingoja jibu. Linux isiporekebishwa huanza kupima muunganisho uliokaa kimya baada ya sekunde 7200, yaani saa mbili nzima. Kama kuna data iliyotumwa bila kujibiwa, hujaribu tena na tena kwa takriban dakika 15. Wakati huo db2 imeshakuwa kiongozi kitambo, ila malipo hayapiti, na kila mtu anaitazama hifadhidata ambayo haina kosa.

Kwa hiyo namna ya pili ni kuizima mashine ya db1 ghafla. Tuanzie kwenye mazingira ya majaribio, mzigo ukiwa unapita, kisha turekebishe `tcp_user_timeout` kwenye programu na tuizime tena.

Kwenye seva halisi, tuwashe `synchronous_mode` kwanza. Bila hiyo, `maximum_lag_on_failover` ya kawaida ni baiti 1048576: db2 inaruhusiwa kuongoza hata ikiwa nyuma kwa megabaiti moja. Kwetu hiyo ni miamala ambayo mteja ameshatumiwa ujumbe kuwa imekamilika. Siwezi kukubali hilo, na sidhani kama nyie mnaweza.

Tarehe 21 Oktoba 2018 mtandao wa GitHub ulikatika kwa sekunde 43, huduma zikayumba kwa saa 24 na dakika 11. Kila upande ulikuwa na maandishi ambayo mwenzake hakuyapata, na kuyapatanisha ndiko kulikokula muda.

Tunaanza Jumanne, saa 10 alfajiri, kwa ile ya upole. Fundi mgeni kuliko wote kwenye zamu ndiye atakayeshika kibodi, akifuata mwongozo ulioandikwa. Tulioujenga mfumo tukae kimya. Akikwama, kosa ni la mwongozo, na urekebishwe siku hiyohiyo. Mmoja aandike saa ya kila hatua, hasa muda kati ya muamala wa mwisho kupita db1 na wa kwanza kupita db2. Dakika 5 zikipita malipo hayajarudi, tunarejea db1.