Tunafunga Duka kwa Matengenezo Kuanzia 27 Julai, Tutafungua Tena 7 Septemba 2026

Kirumba, Mwanza
Jumatatu, 6 Julai 2026

Wateja wetu wapendwa: wavuvi, wenye mitumbwi na mashine, mafundi wenzetu, na akina mama wa dagaa mnaochukua kamba na magunia kwetu,

Shikamooni wakubwa, na wadogo habari zenu.

Duka letu la nyavu na gereji ya mashine za boti hapa Kirumba litafungwa kwa matengenezo kuanzia Jumatatu tarehe 27 Julai. Siku ya mwisho ya kuhudumiwa ndani ya jengo ni Jumamosi tarehe 25 Julai, mwisho saa 10 jioni. Tutafungua tena Jumatatu tarehe 7 Septemba, saa 1 asubuhi. Kwa wiki hizo sita hatuhami Kirumba wala hatuachi kuuza. Tutakuwa kibandani jirani na hapa, simu zitapokelewa, na mizigo ya visiwani itaendelea kwenda.

Wengi mmeshaniuliza kwa nini sasa. Mnakumbuka ziwa lilivyopanda mwaka 2020, likapanda tena 2024. Maji ya ziwa hayakufika mlangoni kwetu, maana jengo liko nje ya zile mita 60 zinazotajwa na sheria ya mazingira ya 2004. Ila maji ya chini yalipanda nayo, na tangu hapo sakafu haijawahi kukauka sawasawa. Masika ya mwaka huu nilifungua robota la nyavu za inchi 6 lililokaa chini kwa wiki mbili tu, nikalikuta limelowa kwa ndani na lina ukungu. Sikuliuza. Mvuvi anayenunua nyavu kwa hela ya kukopa hastahili kufungua robota la namna hiyo akiwa ameshafika Ukara.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo linaloninyima usingizi. Gereji na duka viko chumba kimoja. Fundi anashusha kabureta upande huu, petroli inanuka, na upande ule kuna nyaya za umeme zilizofungwa miaka mingi iliyopita na nyavu za nailoni mpaka darini. Mpaka leo Mungu ametulinda, lakini siwezi kuendelea hivi huku vijana wangu watano wakishinda humo ndani kutwa.

Kwa hiyo sakafu yote itavunjwa na kuinuliwa, itamwagwa zege jipya lenye nailoni ya kuzuia unyevu chini yake. Ukuta wa tofali utatenganisha gereji na duka, kila upande na mlango wake. Umeme utafungwa upya wote. Lile pipa la kujaribia mashine, ambalo kila mmoja wenu limeshamlowesha viatu, litaondoka, na mahali pake tutajenga tangi la zege linaloweza kupokea mashine ya 9.9, ya 15 na ya 40. Maji ya tangi hilo hayatakwenda tena mtaroni moja kwa moja. Yatapita kwanza kwenye shimo la kunasa oili. Kwa miaka yote tumeacha oili chafu ishuke na mvua kuelekea ziwa lilelile linalotulisha sote, na mimi binafsi naona aibu kwa hilo. Pia kutakuwa na choo cha wateja na benchi lenye kivuli, kwa sababu akina mama mnaosubiri mizigo mmesimama juani vya kutosha. Kibali cha ujenzi tumepata halmashauri ya Ilemela.

Tarehe tumezipanga kwa kufuata mwezi. Mwezi utakuwa mpevu tarehe 29 Julai, na wavuvi wa dagaa wengi watakuwa wamepumzika siku hizo, kwa hiyo kuhamisha vitu hakutawakwamisha. Zege tutamwaga tarehe 3 Agosti, na zege huhitaji siku 28 kufikia nguvu yake kamili. Hapo tunafika 31 Agosti. Mmoja wenu alinishauri nilikaushe wiki moja niweke mizigo. Nimemshukuru, lakini robota na mashine ni nzito, nami sitaki kuvunja sakafu mara mbili. Wiki ya kwanza ya Septemba ni ya rangi, shelfu na kurudisha mali. Tarehe 7 Septemba giza litakuwa linaingia, mwezi mwandamo ukiwa tarehe 11, na nyinyi mtakuwa mnajiandaa kushuka majini. Hapo mtatukuta tumefungua.

Ninachojua kitawasumbua ni giza la Agosti, kuanzia kama tarehe 5 hadi 20. Hilo litatukuta kibandani, kwa hiyo soma sehemu hii vizuri.

Kibanda ni cha mabati, kimepakwa rangi ya bluu, kiko upande wa pili wa barabara, mwendo wa dakika mbili ukitoka dukani kuelekea lango la soko la Mwaloni. Kitafunguliwa kila siku saa 1 asubuhi hadi saa 11 jioni, na Jumapili saa 3 asubuhi hadi saa 7 mchana. Nane Nane tutafungua kama kawaida. Pale mtapata vitu vinavyoisha haraka: kamba, maboya, risasi, nyuzi na sindano za kushonea, plagi, oili, impela za pampu ya maji, taa za sola za dagaa na betri zake. Nyavu nzima nzima hazitakaa pale, hakuna nafasi. Ukiagiza nyavu kabla ya saa 4 asubuhi, tunaileta kutoka ghala tulilokodi Pasiansi na unaikuta kibandani saa 8 mchana. Timba hatuuzi, si dukani, si kibandani, wala kwa kuagiza, hivyo tafadhali msimbane kijana wa kaunta.

Jaketi okozi zitakuwepo kibandani kila siku, kwa bei ileile. Wateja wetu wa Ukara wanajua kwa nini nalisema hili peke yake. Tangu Septemba 2018, kivuko kilipozama pale kwao, tumejiwekea kwamba mtu akija kutafuta jaketi asiambiwe zimeisha.

Gereji ndiyo itakayopungua kweli. Kibandani fundi atafanya kazi ndogo tu: kubadilisha plagi, impela, kamba ya kuwashia, kusafisha kabureta. Kazi za kufungua injini au giaboksi hatutazipokea kuanzia tarehe 20 Julai mpaka tufungue. Kwa mashine iliyozima katikati ya ziwa na ikafika mwaloni kwa kuvutwa, piga simu. Fundi mkuu atakuja kuitazama hapo ilipo, kama ni mialo ya Kirumba, Igombe au Kayenze. Akiona haiwezi kusubiri, atakuelekeza kwa fundi mwenzake anayemwamini. Hatutaona wivu ukienda.

Wenye mashine zilizokwisha tengenezwa, zipo kumi na moja hapa ndani, tunaomba mzichukue kabla ya tarehe 22 Julai. Itakayobaki itahamishiwa ghala la Pasiansi, lenye mlinzi usiku na mchana, na namba yake ya kazi itaendelea kuning'inia juu yake. Hakuna gharama ya kuhifadhi. Ila kuitoa huko utatoa taarifa siku moja kabla, na uje na karatasi yako ya kupokelea. Kama karatasi imelowa au imepotea, njoo na kitambulisho na mtu wa mwaloni wako anayekufahamu.

Sasa wale wa kudunduliza. Najua duka likifungwa, mwenye hela yake humo ndani hulala macho wazi. Daftari lenu liko salama, na nimeandika nakala ya pili inayokaa nyumbani kwangu. Kila aliyeweka hela atapata ujumbe wa simu kabla ya tarehe 15 Julai ukitaja kiasi alichofikisha na kitu anachokilipia. Kikitofautiana na unachokijua wewe, njoo tukae tulinganishe tukiwa bado tumefungua. Bei mliyoanza nayo haitapanda kwa sababu ya ujenzi. Anayetaka kurudishiwa hela yake kwa kuwa hawezi kusubiri, atarudishiwa yote, na hatutamnunia. Na ndugu zetu mliochukua mali kauli, mwisho wa kulipa hausogei, lakini mwenye shida aniambie mapema mwenyewe.

Kwa wa mbali, huna haja ya kupanda gari kuja kukuta lango limefungwa. Piga simu, au tuma picha ya kifaa kwa WhatsApp. Namba ni zilezile mbili zilizo kwenye risiti zenu na kwenye ubao wa langoni, hatujaongeza wala kubadilisha. Picha ionyeshe namba iliyopigwa kwenye kifaa, au piga picha ya kibao cha mashine chenye modeli, kwa sababu impela mbili zinaweza kufanana kwa macho na zisiingiliane. Ukerewe tunapeleka kwa meli ya Nansio, na wa Ukara mzigo unaendelea mpaka Bugolora, mnaupokea hapo. Geita, Sengerema na Buchosa unakwenda kwa basi kutoka Nyegezi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kusubiri kivuko, unaoondoka asubuhi Sengerema wanaupata mchana. Wa Kome watauchukua Nyakaliro. Bunda na Musoma, ni stendi ya Nyamhongolo. Nauli ya mzigo analipa mteja kama zamani, isipokuwa jaketi okozi, ambazo kwa wiki hizi sita tutazisafirisha kwa gharama yetu.

Malipo ni kwa Lipa Namba yetu ileile au taslimu kibandani. Kabla ya kubonyeza kukubali, hakikisha jina la duka limetokea. Wakati kama huu matapeli hupata mwanya. Ukipokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", au mtu akikupigia akisema duka limehamia kwingine na anapokea malipo kwa niaba yetu, huyo hatumfahamu. Hakuna mfanyakazi wetu atakayekuomba hela kwa namba yake binafsi, na hakuna mfanyakazi tuliyempunguza: wote watano wanaendelea na kazi, wawili kibandani, mmoja ghalani, na mafundi wawili kama nilivyoeleza.

Ujenzi una mambo yake. Tukiona tarehe 7 Septemba haitawezekana, tutawaambia kufikia tarehe 31 Agosti, kwa ujumbe wa simu, kwa karatasi langoni na kwa viongozi wa mialo. Hatutasubiri mfike ndipo mjue.

Siku ya kufungua hatuna sherehe kubwa. Kutakuwa na uji wa ulezi kuanzia saa 1 asubuhi, na fundi mkuu atapima bure mashine yoyote itakayoletwa siku hiyo kwenye tangi jipya. Atafuata foleni ya kufika, kwa hiyo wa Igombe na Kayenze mjitahidi kuwahi.

Samahani kwa usumbufu, na ahsanteni kwa kutuvumilia.

Mama mwenye duka, pamoja na vijana wote wa kaunta na gereji
Duka la Nyavu na Mashine za Boti, Kirumba