Barua kwa binti yangu Mwajuma

Mwajuma mutoto wangu, assalamu alaykum.

Jana kwa telefone uliniambia shangazi wa bwana yako amekukataza kulia juu ya mutoto wako mwenye alifariki, ati mwenye kulia hana subira, na wewe ukaanza kuogopa kama Mungu amekukasirikia. Nikataka kukujibu rezo ikakatika. Soma hii pole pole.

Fungua Sura ya Baqara, aya ya 155. Mungu anasema atatujaribu kwa woga, na njaa, na kupungukiwa mali na watu na matunda. Anaambia nani? Aya ya 153 iliisha kuwaita, "enyi mlioamini", basi kufiwa haiko alama ya hasira yake. Huku Goma ile aya tunaijua neno kwa neno, woga tumeuona, watu tumezika, mali ya wengi ilibakia mu banki zenye zilifungwa tangu mwezi wa kwanza 2025. Na matunda, kuko wanazuoni wenye walisema humo watoto pia wameingia.

Kisha anasema wabashirie wenye kusubiri, wale wakipatwa na musiba wanasema Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Hakusema wale wenye hawalii!

Angalia Nabii Yaakub. Yusuf alipopotea, alisema subira ni njema, iko mu Sura Yusuf aya ya 18, lakini ukifika aya ya 84 unakuta amelia mupaka macho yakawa meupe, na watoto wake wakamulaumu kama vile banakulaumu wewe, naye akawajibu huzuni yangu namushitakia Mungu. Yule ni nabii, na Mungu hakumukaripia. Hata Mtume wetu, rehema na amani zimushukie, alipofiwa na mutoto wake Ibrahim alitoka machozi, akasema macho yanalia, moyo unahuzunika, na hatusemi ila yenye inamuridhisha Mola wetu. Chenye alikataza ni kujipiga mashavu, kupasua nguo na maneno ya zamani za ujinga. Wewe hukufanya hata kimoja. Kwa hiyo lia mama, lia, na shangazi umuheshimu tu, hapana kubishana naye.

Ile aya ya 153 inasema tuombe musaada kwa subira na swala. Najua uko mu nifasi, swala bado, lakini dua haikukatazwa. Sema ile yenye Mtume alifundisha na Umm Salama akaisema alipofiwa na bwana yake: Allahumma ajurni fi musibati, wa akhlif li khayran minha. Usiseme mara moja ukaacha, sema kila saa moyo unapopanda.

Na ule, mutoto wangu, hata kama sombe inakushinda, kunywa uji. Bwana yako naye amefiwa, usimwache peke yake.

Avio hapa Goma bado haitoki, mama yako anatafuta njia ya kuzunguka afike Lubumbashi, tukipata pesa ya njia nitakupigia.

Baba yako