Namba zilizo kwenye picha ya mtoto wenu

Mwanangu, na wewe mkwe wangu, marahaba. Picha ya altrasaundi mliyonitumia jana usiku nimeiangalia kwenye simu, na asubuhi hii nimeifungua tena kwenye kompyuta ya kazini ili niikuze. Naandika kwa kirefu ili muisome wote wawili, na bibi naye asomewe.

Nianze na lililowanyima usingizi. Mkwe ameandika kwamba tumbo la mtoto liko nyuma wiki mbili, kwa sababu mmesoma 13.9 kwenye mstari wa AC, yaani mzunguko wa tumbo. Si 13.9, ni 15.9. Karatasi mliipiga picha chini ya taa ya dari, ikang'aa, na mng'ao umepita juu ya tarakimu ya pili ukaila nusu. Ushahidi uko kwenye mstari uleule, upande wa kulia, ambako taa haikufika: pameandikwa 21w0d. Mashine hugeuza sentimita kuwa wiki kwa hesabu moja tu. Tumbo la sentimita 13.9 lingeandikiwa wiki 19 na siku 2. Sentimita 15.9 ndizo zinazotoa wiki 21 kamili. Ishikeni karatasi yenyewe kando ya dirisha mchana huu, muione kwa macho yenu.

Huu ndio ukurasa wenu, nimeunakili jinsi ulivyo:

```
14/05/2025
LMP 21/12/2024  GA(LMP) 20w4d  EDD(LMP) 27/09/2025
                GA(AUA) 21w0d  EDD(AUA) 24/09/2025
BPD   5.0 cm   21w1d  Hadlock
HC   18.8 cm   21w1d  Hadlock
AC   15.9 cm   21w0d  Hadlock
FL    3.4 cm   20w5d  Hadlock
EFW  385 g +/- 56 g
HC/AC 1.18
FHR  148 bpm
MVP  4.6 cm
PL   ANT
PRES BREECH
```

GA ni umri wa mimba, herufi w ni wiki, d ni siku. Sasa mama kijacho ameuliza swali zuri sana: inakuwaje kichwa kiwe na wiki 21 na siku moja, halafu mguu uwe na wiki 20 na siku 5, je, mtoto anakua vipandevipande? Hapana, mwanangu. Mkumbuke fundi cherehani anapompima mtoto sare ya shule. Mabega anasema saizi ya miaka saba, urefu wa suruali anasema saizi ya miaka sita na nusu. Mtoto ni mmoja na umri wake ni mmoja. Wiki zinazofuata kila kipimo ni saizi ya namna hiyo: mtoto wa kawaida huwa na paja la sentimita 3.4 akiwa na wiki 20 na siku 5. Wa kwenu anapishana nao kwa siku chache tu. Na kwa urefu wa mfupa mdogo hivyo, milimita moja inasogeza wiki kwa siku mbili mpaka tatu. Mtoto akijikunja kidogo, au mpimaji akiweka alama nywele moja nje ya mahali pake, namba inahama. Tofauti ya siku tatu nne kati ya kiungo na kiungo naiona karibu kila siku kazini, na watoto wanazaliwa wazima.

Neno Hadlock mwishoni mwa mstari si jina la ugonjwa. Ni daktari wa Houston, Marekani, ambaye yeye na wenzake walichapisha hesabu hizo mwaka 1984, na mashine nyingi duniani bado zinazitumia. Zipo nyingine za baadaye. Mwaka 2014 zilitoka zile za mradi wa INTERGROWTH-21st, waliopima wajawazito wa nchi nane, wakiwemo wa Nairobi na Maskati. Mkipimwa siku nyingine kwa mashine iliyopangwa hesabu tofauti, wiki zinaweza kusogea kidogo ingawa sentimita ni zilezile. Kwa hiyo mkilinganisha picha mbili, linganisheni sentimita kwanza.

Tuingie kwenye picha yenyewe. Cheusi ni maji, cheupe sana ni mfupa, kijivu ni nyama. Ile duara jeupe kama ganda la yai ni fuvu, mmeliangalia kama mnaangalia nazi iliyokatwa katikati, mkiwa juu. Mnaona misalaba midogo miwili, mmoja juu mwingine chini, na mstari wa vinukta kati yake? Hiyo ni BPD, upana wa kichwa toka upande wa sikio hadi upande wa sikio. Msalaba wa juu umekaa ukingo wa nje wa fuvu, wa chini umekaa ukingo wa ndani. Wamefanya kwa makusudi, ndivyo kipimo hicho kinavyochukuliwa. Vinukta vinavyozunguka fuvu lote ni HC, mzunguko wa kichwa. Mimi huitegemea HC zaidi ya BPD, kwa sababu mtoto aliyelala vibaya anaweza kubanwa kichwa kikawa chembamba, upana ukapungua, lakini mzunguko haudanganyi upesi.

Duara la pili, lililo hafifu, ni tumbo. Ndani yake kuna doa jeusi dogo upande mmoja: huo ni mfuko wa chakula wa mtoto, umejaa maji anayomeza. Katikati kuna kijistari cheusi kilichopinda kama ndoana, ni mshipa unaotoka kitovuni ukipita ndani ya ini. Vitu hivyo viwili vikionekana pamoja, najua mpimaji alikata mahali panapostahili. Nilivyoviona vyote viwili kwenye picha yenu, nilifurahi. Alikuwa mtu makini. AC ndicho kipimo kigumu kuliko vyote na ndicho kinachobeba uzito zaidi, kwani mtoto asiyepata chakula cha kutosha tumboni huanza kupungua tumbo kabla ya kichwa.

FL ni fupa la paja, ule ufito mweupe ulio peke yake kwenye picha ya chini.

HC/AC ni mzunguko wa kichwa ukigawanywa kwa wa tumbo. 1.18 maana yake kichwa bado kimelizidi tumbo, na kwa umri huu ndivyo kinavyotakiwa kuwa. Kadiri mimba inavyokaribia mwisho tumbo linakifikia.

EFW ni uzito wa kukadiria. Hakuna mzani ndani ya tumbo la uzazi. Mashine imechukua vile vipimo vinne ikakokotoa gramu 385. Ile +/- 56 isomeni kwa makini: uzito halisi unaweza kuwa 329 au 441, au popote katikati. Msimtangazie mtu kwamba mtoto ana gramu 385.

Tarehe mbili za kujifungua zimewachanganya, na ni haki yenu. LMP ni siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, uliyomtajia wewe, mwanangu: 21 Desemba. Ukihesabu siku 280 kutoka hapo unafika 27 Septemba, ndiyo EDD ya kwanza. AUA ni wastani wa vile vipimo vinne, unaotoa 24 Septemba. Zimepishana siku tatu. Kwa mimba ya wiki 16 hadi 21, utaratibu tunaoufuata ni kuacha tarehe ya hedhi kama mama ana uhakika nayo, isipokuwa altrasaundi ipishane nayo kwa zaidi ya siku 10. Wewe uliniambia unaandika kwenye kalenda ya ukutani, kwa hiyo tarehe yako ni 27 Septemba. Muombe muuguzi aiandike hiyo moja kwenye kadi la kliniki. Na isibadilishwe kila unapopimwa: mimba ikishafika miezi ya mwisho, watoto hutofautiana saizi kama watu wazima, na kurekebisha tarehe wakati huo kunaweza kumficha mtoto aliyepungua. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 kila mjamzito apate altrasaundi moja kabla ya wiki 24. Wewe umewahi.

FHR 148 ni mapigo ya moyo kwa dakika. Kawaida ni 110 mpaka 160. Ule mchoro wa mawimbi pembeni ndio moyo wenyewe ukiandika. Bibi amesema mapigo ya kasi ni mtoto wa kike. Mwambieni nampenda sana, ila moyo hautaji jinsia, na picha hii haikupigwa upande wa kuionyesha.

MVP 4.6 ni kina cha dimbwi kubwa zaidi la maji ya uzazi. Kati ya 2 na 8 tunaridhika.

PL ANT inasema kondo limekaa ukuta wa mbele, upande wa kitovu chako. Hili limenipa jibu la lile ulilolia juma lililopita, kwamba jirani yako mwenye mimba kama yako anahisi mateke na wewe husikii kitu. Kondo limekaa kati ya mateke na ngozi yako kama mto wa kulalia. Utayasikia, ila yatachelewa kidogo, na mwanzoni yatakuja zaidi pembeni na chini.

PRES BREECH ni kwamba siku ya Jumatano alikuwa ametanguliza matako. Wiki 21 mtoto ana nafasi ya kupinduka mara kadhaa kwa siku. Swali hilo tutaliuliza wiki ya 36.

Pale juu kabisa kwenye kona, kwa maandishi madogo, kuna MI 1.0 na TIs 0.2. Hivyo ni viashiria vya nguvu ya mawimbi ya sauti, ambavyo mpimaji huviangalia asizidishe. Viko chini. Altrasaundi haitumii miale kama eksirei.

Nimesoma karatasi tu, sikushika kifaa wala sikuona mtoto akicheza. Picha hizi zinaonyesha saizi, maji, mapigo na kondo. Moyo wenye vyumba vinne, uti wa mgongo, uso na figo huandikwa kwenye ripoti, ile karatasi ya pili iliyobanwa na pini nyuma ya kadi. Nipigieni picha hiyo leo, mchana, karatasi ikiwa mezani karibu na dirisha, bila flashi, simu ikiwa juu yake moja kwa moja. Hata hizi picha za mtoto zipigeni upya namna hiyo mzihifadhi, karatasi hii hufifia ikikaa kwenye joto. Na mkwe, kabla hujaitupia kwenye kundi la familia, kata ule mstari wa juu wenye jina la mkeo na namba yake ya faili.

Mwanangu, ukiona damu, maji yakitoka, au kichwa kikikuuma sana na macho kuona ukungu, usinitumie ujumbe. Nenda hospitali, mnipigie mkiwa njiani.

Shangazi yenu, Tanga