Kwa nini kipeuo cha pili cha 2 hakiandikiki kama sehemu

Chora mraba wenye upande wa sentimita 1. Ulalo wake ni √2, kwa kuwa 1² + 1² = 2. Kikokotoo kinaonyesha 1.414213562 kisha kinaishiwa nafasi, na mtu hubaki akidhani ipo sehemu fulani, hata iwe ndefu, inayolingana nayo barabara. Za kukaribia zipo. Chukua 17/12: 17² ni 289, na 2 × 12² ni 288. Chukua 99/70: 9801 na 9800. Kila mara namba ya kwanza inazidi ya pili kwa moja, ilhali kwa √2 zingelingana. Ukiendelea kujaribu hivi hutamaliza, ila shufwa na witiri hukata shauri kwa mara moja.

Tufanye kwamba √2 = a/b, a na b zikiwa namba nzima kubwa kuliko sifuri, na sehemu imekwisha kurahisishwa hadi mwisho. Basi a na b haziwezi kuwa shufwa zote mbili, maana tungezigawa tena kwa 2. Wanafunzi wengi huiruka sentensi hii, kisha wakifika mwisho hawaoni kilichovunjika.

Zidisha kila upande kwa wenyewe, kisha kwa b²:

a² = 2b²

Upande wa kulia ni shufwa, kwa hiyo a² ni shufwa. Je, a yenyewe? Ingekuwa witiri, tungeiandika 2k + 1, na

(2k + 1)² = 4k² + 4k + 1 = 2(2k² + 2k) + 1

ambayo ni witiri. Haiwezekani. Kwa hiyo a ni shufwa, iite 2m. Irudishe kwenye mlinganyo:

4m² = 2b², yaani b² = 2m²

Sasa b² ni shufwa, na kwa hoja ileile b ni shufwa. Lakini tulianza na sehemu ambayo kiasi na asili yake si shufwa zote mbili. Mkinzano huo unatoka kwenye dhana ya mwanzo pekee, kwa kuwa hatua nyingine zote ni hesabu halali. Sehemu hiyo haipo.

Ukitaka kujua kama umeielewa hoja au umeikariri tu, ijaribu kwa √4, ambayo tunajua ni 2. Tunapata a² = 4b². Upande wa kulia ni shufwa, a ni shufwa, a = 2m; hadi hapo ni sawa na mwanzo. Kisha 4m² = 4b², yaani m² = b². Hakuna 2 iliyobaki ya kuilazimisha b kuwa shufwa: b inaweza kuwa 1, na a kuwa 2. Kwa √2, ukigawa 4 kwa 2 inabaki 2 moja, na hiyo ndiyo inayoibana b.