Ripoti ya mteja wa meza namba 7 aliyepata aleji, Jumamosi 14 Juni 2025 usiku

Mama shikamoo. Naandika usiku huu huu kabla watu hawajaanza kusahau au kupishana maneno, meneja nimemwekea nakala yake. Muda nimeutoa kwenye risiti, kwenye simu ya kaunta na kwenye kamera ya mlangoni, sio kwa kukisia.

Nianze na hali yake manake najua ndo kitu cha kwanza utauliza. Yuko hai, anaongea, wamemlaza mpaka asubuhi. Mumewe alinipigia saa 4:40 usiku akasema uvimbe wa midomo umepungua sana na presha imerudi, ila daktari hajamruhusu kwasababu aleji ya namna hii inaweza kutulia alafu ikarudi tena baada ya masaa bila hata kugusa chakula.

Ni dada wa miaka 30 na kitu, alikuja na mumewe, mtoto wao wa kiume na mdogo wake. Walikaa saa 1:10. Alipoagiza alimwambia weita wazi kabisa kwamba ana aleji ya karanga, sio kwamba hazipendi, akila anavimba koo. Weita akaandika kwenye oda BILA KARANGA KABISA akapiga mstari chini, hiyo karatasi ninayo, na akaenda mwenyewe mpaka dirisha la jikoni akamwambia mpishi wa mboga kwa mdomo. Mpishi anakiri aliambiwa. Kwahiyo mama naomba hapa tuelewane, mteja alisema, weita aliandika na akasema, na kijana wa watu nisingependa aitwe ofisini kana kwamba yeye ndo kaharibu.

Alichoagiza ni samaki wa kupaka, ugali, mchicha wa nazi na juisi ya ukwaju. Nimekaa na wapishi tumepitia kimoja kimoja. Samaki ni changu, aliwekwa ndimu, chumvi, kitunguu saumu na tangawizi akachomwa kwenye mkaa, haikaangwi kitu pale. Rojo ya kupaka ni tui zito, nyanya, pilipili mbuzi, bizari, ukwaju kidogo na kotimiri. Nilimuuliza mpishi mkuu mara mbili kama kuna siku wanaongeza korosho au karanga ya kusaga ili rojo iwe nzito, manake najua kuna jiko wanafanya hivo tui likiwa jepesi, akasema hapana na nikaangalia mwenyewe kwenye friji na kwenye shelfu ya viungo, upande wa samaki hakuna. Ugali ni sembe, maji, basi. Juisi ni ukwaju, sukari na maji, ila blenda nitaisema chini.

Mchicha wa nazi wenyewe una mchicha, kitunguu, nyanya, karoti, tui, chumvi na mafuta ya alizeti. Kwenye sufuria ile hakuna aliyetia karanga. Ila mama ukisimama pale kwenye jiko la mboga saa ya msongamano utaona kitu ambacho sisi wote tumekizoea mpaka hatukioni tena. Sufuria ziko tatu zimepangana, mchicha wa karanga, kisamvu ambacho nacho kina karanga, na mchicha wa nazi, na upawa ni mmoja. Mpishi akishapakua anautumbukiza kwenye bakuli la maji hapo pembeni, anaukung'uta, anapakulia sufuria inayofuata. Nilipoingia jikoni baada ya ambulansi kuondoka nikaliinamia lile bakuli, maji yalikuwa yamekuwa ya rangi ya chai ya maziwa, juu yana utando wa mafuta na chini mchanga mchanga wa karanga umetulia, ukiweka kidole unausikia. Upawa unatoka humo unaingia kwenye mchicha wa nazi. Mtu mwenye aleji kali hahitaji kijiko kizima, hicho kidogo kinamtosha kabisa, na kupika au kuchemsha hakuondoi ubaya wa karanga.

Kwahiyo mimi naamini ni upawa. Kitu cha pili ambacho sijakifuta ni blenda, kwasababu mchana ilisagiwa karanga za kisamvu alafu ikaoshwa, na jioni ikatengenezewa juisi. Ila dada mwenyewe alisema mdomo ulianza kumwasha alipokula mboga tonge la pili au la tatu, na juisi alikuwa ameshainywa nusu muda mrefu kabla chakula hakijafika na hakusikia kitu.

Chakula kilifika mezani 1:45. Kwenye 1:52 hivi weita akaniita, nilipofika dada alikuwa anajikuna midomo na shingo, shingoni vipele vimeinuka vyekundu kama ameumwa na siafu, macho yanaanza kuvimba. Akaniambia "kuna karanga humu". Mumewe akatoa kidonge cha setirizini kwenye mkoba, dada akakimeza na maji. Nikamuuliza kama ana ile sindano ya adrenalini ya kutembea nayo, akasema hawana, walishaizungukia maduka ya dawa hawakuipata. Dakika mbili mbele sauti ikaanza kukwaruza na anakohoa kikohozi kikavu, hapo ndo nikajua hii sio ya kusubiri kidonge.

Nilipiga simu saa 1:56 kwenye namba ya ambulansi ya hospitali ile iliyobandikwa kaunta. Nilisema hivi, "tuna mgonjwa mtu mzima mwanamke, amekula chakula chenye karanga na ana aleji nayo, anavimba uso na anapumua kwa shida, tuko Mikocheni barabara ya Mwai Kibaki, naomba mje na adrenalini na oksijeni". Dada wa simu akauliza yuko macho, anaongea sentensi nzima au maneno mawili mawili, ana pumu, amemeza dawa gani. Nikamjibu anaongea maneno mawili mawili, pumu alikuwa nayo utotoni. Akaniambia asisimame, asitembee, asipewe kitu cha kula wala kunywa, na simu yangu isitumike kwa kitu kingine. Nikamtuma kijana wa bodaboda anayepaki nje akasimame njia panda na tochi ya simu awashe, manake geti letu usiku halionekani na ambulansi ikipitiliza pale mpaka igeuze ni shida nyingine.

Mzozo mkubwa ulikuwa kama tusubiri au tumpakie kwenye gari. Mumewe alitaka tumpakie, ana haki, mke wake anaishiwa pumzi mbele ya macho yake. Kwa bahati nzuri meza ya pili walikuwa na mama mmoja muuguzi, akaja bila kuitwa, akatuuliza hospitali ni mbali kiasi gani na foleni ikoje. Jumamosi saa 2 usiku barabara ile unaijua mwenyewe mama, na ndani ya gari hakuna adrenalini wala oksijeni, mtu akizimia kwenye foleni unamfanyia nini. Akasema tusubiri ila tukae tayari, gari la mumewe ligeuzwe liangalie nje, ambulansi ikisema imekwama tunaondoka na kukutana nayo njiani. Huyo mama nimemshukuru na nilimwambia mhasibu bili yake isilipwe, naomba uikubali.

Yeye ndo aliyeshika mambo. Dada alikuwa akilazwa anakosa hewa kwahiyo wakamkalisha chini ameegemea ukuta miguu imenyooshwa, mkanda ukalegezwa, mtandio ukatolewa. Alipotaka kutapika alitaka kukimbilia chooni, muuguzi akamzuia kabisa, tukamletea ndoo, kasema mtu wa hali hii akiinuka ghafla presha inaanguka na anaweza asiamke. Kuna wateja wawili walileta maziwa kwa nia njema kabisa wakasisitiza anywe yaue sumu, muuguzi akayakataa, hii sio sumu ya kuuliwa na maziwa na koo limeshabana atapaliwa. Msaidizi wa jikoni alikimbia duka la dawa la karibu kuulizia adrenalini, hawana.

Saa 2:09 alilegea, akasema anaona giza, mikono ya baridi. Wakamlaza chali miguu juu ya stuli, kichwa kikageuzwa kidogo pembeni. Mtoto wake alikuwa analia anamwita, weita wa kike akamchukua akampeleka ofisini na mama yake mdogo, na niseme kweli hizo dakika ndo zilikuwa ndefu kuliko zote. Nikapiga tena ambulansi 2:11 kuwaambia hali imebadilika, dereva akasema yuko karibu na njia panda na anamwona kijana mwenye tochi.

Waliingia 2:16. Hawakuuliza mengi, mmoja akachoma adrenalini kwenye paja upande wa nje, mwingine akaweka oksijeni na kupima presha. Baada ya dakika tano hivi haikupanda vya kutosha wakachoma ya pili, wakaweka dripu. Baada ya hiyo ya pili alifungua macho akamuuliza mumewe mtoto yuko wapi. Waliondoka naye 2:34 mumewe akiwa ndani, gari lake limelala kwetu na funguo ziko kwenye droo ya kaunta. Mdogo wake na mtoto niliwapeleka nyumbani na taksi, tumelipa sisi.

Nilichofanya baada ya hapo. Sahani yake sikuiacha ioshwe, nimeifunga na nailoni iko kwenye friza ya chini pamoja na mchicha uliobaki sufuriani, samaki, juisi na yale maji ya bakuli kwenye chupa, zote zimeandikwa saa na USIGUSE. Daktari akitaka au afisa afya wa manispaa akija vipo. Mboga zote tatu nilisimamisha kuuza saa 2:40, wateja waliokuwa wameagiza tuliwaambia ukweli, wawili walirudishiwa hela. Wapishi wawili na weita wameandika maelezo yao kila mtu peke yake na wamesaini.

Kesho Jumapili kuna watu wa kipaimara 60 wameshalipa na kwenye menyu yao kuna kisamvu cha karanga. Ushauri wangu tusikipike, tuwawekee matembele ya nazi, nimeshaongea na mama mwenye sherehe asubuhi nampigia tena kumthibitishia. Karanga nimezitoa zote jikoni nimezifungia stoo mpaka utakaporudi. Ninaomba uniruhusu ninunue pawa sita na sufuria mbili zenye vifuniko vya rangi tofauti pale Kariakoo Jumatatu, na blenda ya pili ya juisi peke yake. Mpishi wa mboga ameomba aende hospitali kumwona dada, analia tangu saa 3, nimemwambia asubiri wewe na familia mkubali kwanza.

Mumewe hajatoa lawama wala hajataja polisi. Aliuliza kitu kimoja tu, hiyo karanga ilitoka wapi. Nikamwambia kuhusu upawa na lile bakuli la maji kama nilivyokuandikia hapa. Bili ya hospitali bado haijatoka, nadhani ni sisi tuilipe yote na tuseme hivyo kabla hawajauliza. Anasubiri simu yako kesho kabla ya saa 4 asubuhi, namba yake nimekutumia kwenye meseji.